Namba ya Mlangoni: Mtetemo wa Nyumba ya Kupanga

Mtetemo wa namba ya nyumba ni imani ya numerolojia kwamba tarakimu zilizobandikwa mlangoni zina hulka yake, na kwamba hulka hiyo huwagusa wote wanaolala nyuma ya mlango huo. Neno mtetemo hapa si lile la fizikia. Waya wa gitaa ukipigwa hutetema, na mtetemo wake unapimika; namba iliyochorwa kwa rangi juu ya mlango haitetemi, wala hakuna chombo kilichowahi kuipima. Wanumerolojia hulitumia neno hili kwa maana ya mvuto usioonekana: nyumba moja huvuta wageni, nyingine huvuta ukimya, nyingine huwasukuma waliomo kufanya kazi bila kupumzika. Kwa familia inayohama na kupanga nyumba mpya, swali wanaloulizwa wanumerolojia ni lile lile popote: namba hii itakaa vizuri na sisi?

Elimu hii hunasibishwa na Pithagoras, Mgiriki aliyeishi miaka 500 hivi kabla ya Kristo na kufundisha kwamba namba ndizo msingi wa vitu vyote. Hata hivyo, mwenyewe hakuacha maandishi, na jedwali la herufi linalotumiwa leo haliwezi kuwa lake, kwa sababu lina J na W, herufi ambazo hazikuwapo katika alfabeti ya zama zake. Aliyelieneza neno mtetemo katika hesabu hizi ni mwanamke wa Marekani aliyeandika kwa jina la L. Dow Balliett, mkazi wa Atlantic City, jimbo la New Jersey, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliamini kwamba kila namba ina sauti yake ya muziki na rangi yake, na kwamba mtu, mji na nyumba vinaweza kupatana au kugongana kama sauti mbili za kinanda. Kwa upande mwingine, Mwairishi William John Warner, aliyejulikana kwa jina la Cheiro, alieneza mkondo wa pili unaoitwa wa Kikaldayo, unaofunga kila namba na sayari. Mkondo huu umeenea sana India, na kutoka huko umefika kila palipo na jamii za Kihindi, Afrika Mashariki ikiwamo.

Msomaji wa pwani hatauona mgeni kabisa. Katika elimu ya falaki, kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake kwa hesabu ya abjadi: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3. Jina la mtu na la mama yake hujumlishwa, kisha hugawanywa ili kuipata nyota yake. Tofauti ni kwamba falaki huanza na mtu, ilhali mtetemo wa nyumba huanza na mlango.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tarakimu za namba ya nyumba hujumlishwa hadi ibaki tarakimu moja. Nyumba namba 24 ni 2 na 4, yaani 6. Nyumba namba 1247 ni 1, 2, 4 na 7, jumla 14. Kisha 1 na 4, jumla 5. Baadhi ya wanumerolojia huziacha 11, 22 na 33 bila kuzivunja, wakiziita namba kuu, lakini kwenye nyumba wengi huzishusha hadi 2, 4 na 6, kwa hoja kwamba si kila mpangaji anaweza kuishi katika ukali wa namba kuu.

Herufi ndiyo inayoleta kazi, na fleti nyingi zina herufi. Katika mkondo wa Kipithagoras, herufi huhesabiwa kwa mfuatano: A ni 1, B ni 2, hadi I ambayo ni 9, kisha J hurudi 1, na kuendelea hivyo hivyo hadi Z ambayo ni 8. Mkondo wa Kikaldayo hauufuati mpangilio wa alfabeti. Huko A, I, J, Q na Y zote ni 1, F na P ni 8, O na Z ni 7, na hakuna herufi hata moja inayopewa 9, kwa kuwa namba hiyo huhesabiwa kuwa takatifu. Herufi A hadi E zina thamani ile ile katika mikondo yote miwili, kwa hiyo anayepanga fleti A3 au D7 haoni tofauti. Tofauti huanzia F.

Kabla ya kujumlisha lipo swali ambalo wapangaji wengi hulikosea: ni namba ipi? Nyumba moja Dar es Salaam inaweza kuwa na namba ya kiwanja iliyo kwenye hati, namba ya kitalu, namba ya anwani ya makazi iliyo kwenye kibao kilichowekwa ukutani baada ya kampeni ya mwaka 2022, namba ya mita ya umeme, na juu ya yote, namba ya fleti. Kanuni inayofuatwa na wanumerolojia wengi ni kwamba namba ya mlango unaofunguliwa kwa ufunguo wa familia ndiyo yenye nguvu kwao. Namba ya jengo huja ya pili, nayo hueleza hali ya pamoja ya wapangaji wote: ngazi, geti, majirani. Namba ya kiwanja ni ya mwenye mali, kwa sababu yeye ndiye anayeitumia anapouza, anapokopa na anapolipa kodi ya ardhi. Mita ya umeme haimo kabisa, maana hakuna anayesema anaishi kwenye mita. Ghorofa nayo haihesabiwi peke yake. Iwapo mlango umeandikwa 305, zote tatu hujumlishwa, hata kama kila mtu anajua kwamba 3 ni ya ghorofa ya tatu.

Maana za namba hazina uzito sawa kwa familia. Nyumba ya 1 husemwa kuwa ya mwanzo na ya kujitegemea. Inamfaa kijana anayeanza maisha kuliko watu watano wanaogombea bafu moja. 2 ni ya uwili na upole, na 3 ni ya vicheko na wageni, nyumba ambayo sufuria haipoi na ambayo fedha hutoka kwa urahisi ule ule. 5 ni ya pilikapilika: watu huingia na kutoka, safari hazikomi, na mara nyingi husemwa kwamba mpangaji wa nyumba hiyo hamalizi mkataba. 7 ni ya kusoma, kuswali na kukaa kimya, ikipendwa na wanafunzi na wajane. 9 ni ya huruma, nyumba ambayo ndugu kutoka shamba hufikia bila kupiga simu.

Zinazobaki ni tatu, na ndizo zinazoulizwa zaidi. 6 husifiwa kuliko zote kwa familia yenye watoto, kwa kuwa katika mikondo yote miwili ni namba ya upendo wa nyumbani. Wakaldayo huipa Zuhura, sayari ya mapenzi na uzuri. Kasoro inayotajwa ni kwamba nyumba ya 6 humlemea mlezi, hasa mama, kwa majukumu yasiyoisha. 4 ni ya msingi, utaratibu na jasho. Kwa mkondo wa Kipithagoras ni nyumba njema kwa wanaojinyima ili wajenge kiwanja chao, lakini kwa Wahindi 4 ni ya Rahu, moja ya nukta mbili za kupatwa kwa mwezi na jua, na huogopwa kwa mambo ya ghafla. Wachina nao huikimbia kwa sababu nyingine kabisa: katika lugha yao, sauti ya nne iko karibu na sauti ya kifo.

Kisha 8. Hapa ndipo mikondo inapovutana waziwazi. Kwa Mmarekani aliyesoma vitabu vya Kipithagoras, nyumba ya 8 ni ya mali, biashara na cheo. Kwa Mchina ni njema kuliko zote, kwa kuwa sauti yake inafanana na ya kustawi. Kwa mfuasi wa Cheiro na kwa Mhindi, 8 ni ya Zohali, sayari ya ucheleweshaji, mzigo na mitihani, na wapo wanaokataa fleti nzuri kwa sababu hiyo tu. Mlango ni ule ule, tarakimu ni ile ile, na hukumu tatu hazifanani.

Namna hukumu hizi zinavyofanya kazi huonekana vizuri katika mfano. Ichukuliwe familia ya watu wanne inayotafuta nyumba ya kupanga: baba aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1985, mama tarehe 9 Novemba 1990, binti tarehe 6 Juni 2014, na mvulana tarehe 20 Agosti 2018. Dalali amewaonyesha sehemu mbili. Ya kwanza ni fleti F2 katika jengo namba 31, karibu na shule ya watoto. Ya pili ni nyumba ya chini namba 24, yenye vyumba vitatu na uwa, kodi yake ni nafuu, lakini iko bondeni hatua chache kutoka kwenye mtaro mkubwa.

Kwa mkondo wa Kipithagoras, kila mtu hupewa namba ya njia ya maisha kwa kujumlisha tarakimu zote za tarehe yake ya kuzaliwa. Ya baba hutoa 31, yaani 4. Ya mama hutoa 30, yaani 3. Ya binti hutoa 19, kisha 10, kisha 1. Ya mvulana hutoa 21, yaani 3. Fleti F2 ni 6 ya herufi F na 2 ya tarakimu, jumla 8. Mkondo huu huzigawa namba katika makundi matatu ya wanaopatana: 1, 5 na 7, 2, 4 na 8, 3, 6 na 9. Kwa hiyo fleti ya 8 inapatana na baba mwenye 4, nayo inawaacha nje mama na watoto wote wawili. Jengo namba 31 ni 4, nalo pia ni la baba. Nyumba namba 24 ni 6, na inapatana na mama na mvulana. Baba na binti hawamo katika kundi hilo, ingawa 6 huchukuliwa kuwa haimdhuru mtu. Mnumerolojia wa mkondo huu angeielekeza familia kwenye nyumba ya 24, kwa sababu namba yake ni ya familia na kwa sababu mama na mtoto mdogo ndio watakaoshinda humo mchana kutwa. Hoja hii ya mwisho ina uzito: wengi wao humpa kipaumbele mtu anayekaa nyumbani saa nyingi kuliko yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye mkataba.

Mlango ule ule wa F2 ukipelekwa kwa Mkaldayo, kila kitu hubadilika. Kwake F ni 8, na 8 pamoja na 2 ni 10, ambayo Cheiro aliihesabu kuwa namba ya heri, nayo hushuka hadi 1, namba ya jua. Tena mkondo huu hautazami tarehe yote ya kuzaliwa, bali siku tu. Baba aliyezaliwa tarehe 14 si 4 tena, ni 5. Mama ni 9, binti ni 6, mvulana ni 2. Nyumba iliyokuwa ya Zohali machoni pa jirani aliyesoma nusu ya kitabu imegeuka kuwa ya jua, na baba wa 4 amekuwa baba wa 5.

Makosa mengi huzaliwa hapa. Mpangaji huchukua herufi kwa jedwali la Kipithagoras, akapata 8, kisha akafungua maelezo ya Kihindi na kusoma kwamba 8 ni mzigo, na kwa kuwa baba ana 4 akaongeza onyo la Wakaldayo kwamba 4 na 8 zikikutana huvuta misukosuko. Jedwali moja, maana ya pili, onyo la tatu. Hakuna mkondo hata mmoja uliotoa jibu hilo. Limetoka kwenye mchanganyiko, na karibu kila mara mchanganyiko hutoa hofu, kwa sababu anayeogopa huokota onyo popote alionapo. Familia inayotaka kutumia numerolojia kwa unyoofu huchagua mkondo mmoja kabla ya kwenda kuona nyumba, na huamua kabla pia ni namba ipi itakayohesabiwa: ya mlango, au ya mlango pamoja na jengo. Kubadili kanuni baada ya kuipenda nyumba, au baada ya kuichukia, ni kuifanya hesabu iseme kile ambacho moyo umekwisha kuamua.

Nyumba ya kupanga ina kizuizi ambacho nyumba ya kununua haina: mpangaji hawezi kuibadili namba. Kibao cha anwani ni cha mamlaka na cha mwenye nyumba. Gari la wagonjwa, zimamoto, mjumbe na mleta mizigo wote hukitegemea, na kukibandua au kukiongezea tarakimu ni kumkosesha njia mtu atakayehitajika usiku. Kwa hiyo wanumerolojia huwashauri wapangaji kuongeza tarakimu ndani. Fleti yenye 8 inayotakiwa kuwa 6 huhitaji 7 zaidi, kwa kuwa 8 na 7 ni 15, na 1 na 5 ni 6. Kikaratasi chenye 7, au herufi G ambayo kwa Kipithagoras pia ni 7, hubandikwa upande wa ndani wa fremu ya mlango, mahali ambapo wenye nyumba hupita na wageni hawapaoni. Kwa kuwa haigusi ukuta wala mkataba, hatua hiyo haina madhara. Madhara huanza pale mtu anapouza kikaratasi hicho kwa bei ya kodi ya mwezi, au anapodai kwamba bila tambiko lake familia itapatwa na msiba. Hesabu ya kujumlisha tarakimu mbili haihitaji mganga, na anayetumia woga kuiuza hauzi numerolojia.

Ukweli wa mtetemo huo unapotafutwa nje ya imani, kinachopatikana ni athari za watu na si za namba. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akamkabidhi kila mmoja maelezo yaliyodaiwa kuwa yake peke yake. Walipoulizwa yamewalenga kiasi gani kwa alama kutoka 0 hadi 5, wastani wao ulikuwa 4.26. Karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale. Maelezo ya namba za nyumba yana umbo hilo hilo: nyumba gani isiyo na siku za wageni, siku za ukimya, fedha zinazotoka na mama aliyechoka? Familia inaweza kujipima kwa urahisi. Mtu mmoja aandike maelezo ya namba zote tisa kwenye karatasi bila kutaja namba, kisha wengine wachague yale yanayoieleza nyumba waliyokaa mwaka mzima. Kama mtetemo ni wa kweli, wengi wangeangukia namba ya mlango wao. Wakitawanyika, namba haikuwa na la kuwaambia.

Bei, hata hivyo, namba inaweza kuigusa. Watafiti Nicole Fortin, Andrew Hill na Jeff Huang walichunguza mauzo ya nyumba katika eneo la Vancouver, Kanada, ambako wako wakazi wengi wenye asili ya China. Katika mitaa yenye Wachina wengi kuliko wastani, nyumba ambayo namba yake iliishia na 4 iliuzwa kwa asilimia 2.2 pungufu, na iliyoishia na 8 kwa asilimia 2.5 zaidi. Katika mitaa mingine tofauti hiyo haikuonekana. Hakuna kilichotetema ukutani. Wanunuzi wengi waliikwepa namba moja na kuigombea nyingine, na soko likawafuata. Kwa mpangaji hilo ni jambo la kutumika: asiyejali namba, akiwa mahali ambapo wengine wanaiogopa, ana nafasi ya kuomba apunguziwe kodi.

Katika nyumba nyingi za Waswahili kuna pia swali la dini. Masheikh wengi hukataza kuamini kwamba nyumba au namba ina nuksi kwa nafsi yake, na makanisa mengi hukemea utabiri wa kila namna. Mke akitaka kuhesabu na mume akakataa, au bibi akitaka na wote wakakataa, ugomvi huo utaingia nyumbani kabla ya godoro, na hakuna namba ya mlango itakayouondoa. Wengine huipa hesabu nafasi ndogo wanayoweza kuikubali wote, yaani kuitumia tu pale ambapo nyumba mbili zinalingana katika mengine yote.

Nyumba mbili za mfano huu hazilingani. Nyumba ya 24 ina namba ya familia, lakini iko bondeni karibu na mtaro, na kwenye kuta zake kuna mstari wa unyevu uliofika magotini, alama ya maji ya masika yaliyopita. Rangi mpya imepakwa chini tu, hadi usawa wa dirisha, na hilo ni jambo la kumuuliza dalali kabla ya kulipa kodi ya miezi sita. Fleti F2 ina 8 kwa mkondo mmoja na 1 kwa mwingine, na ina ghorofa kavu, maji ya tangi na mwendo mfupi wa kwenda shule. Hapa hesabu hukaa pembeni. Mnumerolojia makini naye angesema hivyo, kwa kuwa katika elimu yake namba hueleza hali ya nyumba, na haikaushi ukuta. Baba na mama wakichukua F2 na bado wakaitaka 6, watabandika 7 yao ndani ya fremu, wamkabidhi mwenye nyumba nakala ya mkataba iliyosainiwa, na kumwambia mleta mizigo kwamba anwani ni fleti F2, jengo namba 31.

Mtetemo wa nyumba ya kupanga, kwa mujibu wa wanaouamini, humfuata mpangaji kwa muda wa makazi yake tu. Siku ya kuhama kikaratasi hubanduliwa, gundi hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa ili rangi ya mwenye nyumba isichunike, mlango hufungwa, na ufunguo hurudishwa.